Augmentin feki, iliyoungua na joto, iliyoekspaya: mwongozo kamili kwa sisi tunaolala chini ya mabati

Nafanya kazi famasi hapa Arua, na dawa inayoletewa maswali mengi dirishani kwetu ni ko-amoksiklavu, ile watu wote wanaiita Augmentin ata kama kampuni iliyoitengeneza ni ingine kabisa. Kwa hivyo mwongozo huu nauandika kwa hiyo moja tu. Ukishajua kuikagua hii, kuitunza na kuitupa, amoksilini na sipro hazitakusumbua, manake hii ndiyo inayofekiwa na ndiyo inayoharibika haraka.

Ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili. Kile cha 625 mg kina amoksilini 500 mg na asidi ya klavulaniki 125 mg. Amoksilini ndiyo inayoua bakteria, lakini kuna bakteria wanaotoa kimeng'enya cha kuivunja kabla haijafanya kazi, na klavulaniki kazi yake ni kukizuia hicho kimeng'enya. Shida ni kwamba klavulaniki inavuta unyevu wa hewa vibaya sana, na ikishalowa tu inavunjika, joto likiwepo inavunjika haraka zaidi. Kinachobaki hapo ni amoksilini ya kawaida iliyochoka, nawe umelipa bei ya dawa kali. Na kwa sababu bei yake iko juu, wenye kufeki wanaipenda, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Augmentin bandia iliyopatikana Uganda na Kenya.

Kabla ya hatua zenyewe, tenganisha mambo matatu ambayo watu wanayachanganya. Kuna feki, mtu ameitengeneza au kuibandika jina kwa makusudi akudanganye, ndani yaweza kuwa chokaa, au dawa ingine, au dawa kidogo tu. Kuna duni, imetoka kiwanda cha kweli chenye leseni lakini haikufikia kipimo. Halafu kuna ile iliyotoka nzuri ikaharibikia njiani au nyumbani kwako. Kila moja ina njia yake ya kushughulikiwa, na kwenye kutupa utaona tofauti hiyo ni kubwa.

Hatua ya 1: anza na ukuta wa duka, boksi baadaye

Ukiingia angalia leseni ya NDA, ile mamlaka ya dawa ya taifa, inatakiwa ibandikwe mahali inaonekana na iwe ya mwaka huu, leseni zinatolewa upya kila mwaka. Alafu soma imeandikwa famasi au ni duka dogo la dawa. Duka dogo leseni yake ni ya dawa za kawaida zisizohitaji karata ya daktari, ko-amoksiklavu haimo humo. Najua yanauza, wote tunajua, na kule kijijini saa zingine hakuna kingine, lakini elewa kwamba dawa ambayo duka haliruhusiwi kuuza mara nyingi duka halinunui kwa njia ya wazi pia, inaletwa na mtu wa begi anayepita na boda, hana invoisi, na kesho ukimtafuta humpati.

Anayeuza sokoni, kwenye basi au kwenye stendi, usinunue kwake antibayotiki kabisa, ata boksi liwe zuri namna gani. Anashinda nayo juani kutwa nzima, kwa hiyo ata ile ya kweli imeshaungua.

Ukiona muhuri wa serikali, yaani herufi UG au maneno ya kukataza kuuza, hiyo ni dawa ya bure ya hospitali iliyoibwa. Usiinunue, na usidhani kwamba ikiwa ya serikali basi angalau si feki, tangu iibwe hakuna anayejua imelazwa wapi.

Hatua ya 2: boksi na stripu vikubaliane

Omba boksi zima, usikubali stripu iliyokatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye kavera. Nikisema hivi watu wananiambia bei, na ni kweli bei ni nzito, lakini ukikatiwa nusu unaondoka bila tarehe, bila namba ya bechi, bila karatasi ya maelezo, na siku dawa ikikataa huna cha kumwonyesha mtu. Kama pesa haitoshi rudi kwa musawo umuulize kama kuna antibayotiki ya bei nafuu inayofaa ugonjwa wako, mara nyingi ipo, kuliko kununua nusu ya hii.

Sasa soma. Kwenye boksi tafuta namba ya bechi (huandikwa BN, LOT au Batch), tarehe ya kutengenezwa MFG na ya kwisha EXP. Fungua, soma hizo hizo kwenye stripu. Lazima zifanane herufi kwa herufi. Boksi likisema bechi moja na stripu ikasema ingine, basi stripu hiyo haikuzaliwa na boksi hilo, rudisha pale pale. Angalia kama tarehe imefutwa na kupigwa upya, pitisha kidole, wino mpya juu ya mkwaruzo unausikia. EXP yenye mwezi na mwaka bila siku inamaanisha dawa inafika mwisho wa mwezi huo.

Maandishi nayo usiyapite haraka. Jina la dawa likikosewa herufi, rangi ya boksi imepauka, jina la kiwanda lipo lakini nchi au anwani haipo, karatasi ya ndani ni fotokopi au inaongelea kipimo kingine, hapo simama. Na kama umewahi kutumia ya kampuni hiyo hiyo ukaweka boksi la zamani, yalinganishe mawili, hakuna njia ya nyumbani iliyo nzuri kuliko hiyo.

Kwa wenye simu ya intaneti, NDA wana rejista ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yao nda.or.ug. Tafuta jina la dawa pamoja na jina la kiwanda. Isipokuwepo maana yake haijasajiliwa Uganda, na hiyo peke yake inatosha kuiacha. Ikiwepo bado haijathibitisha boksi ulilolishika, manake mwenye kufeki ananakili ile iliyosajiliwa, hawezi kuhangaika na jina ambalo hakuna anayelijua.

Hatua ya 3: kidonge chenyewe

Kidonge kizuri cha ko-amoksiklavu ni cheupe au cheupe kinachoelekea maziwa, rangi moja kote, kimefunikwa na ganda laini, na vyote kwenye stripu vinafanana urefu, unene na maandishi. Toa kimoja kwenye mwanga wa mchana, si kwa tochi ya simu.

Madoa ya manjano au ya kahawia ndiyo dalili ya kwanza ya unyevu kwa dawa hii. Dalili ingine ni kuvimba, ganda kupasuka, kidonge kunata kwenye foili au kukatika ukikisukuma kutoka. Unga mwingi ndani ya shimo la stripu nao ni mbaya. Harufu isikutishe, dawa hizi za ukoo wa penisilini zina harufu yake ata zikiwa nzima, linganisha na kidonge kingine cha boksi lile lile, kimoja kikinuka kali kuliko wenzake ndicho chenye shida.

Foili pia iangalie dhidi ya mwanga. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuingiza hewa ya mvua. Kampuni zingine zinaweka stripu ndani ya mfuko wa foili wenye kipakiti kidogo cha silika cha kunyonya unyevu. Hicho kipakiti usikitupe na usikile, acha humo humo, na soma mfuko, zipo zinazosema wazi kwamba ukishaufungua vidonge vitumike ndani ya siku 30. Watu wanaangalia EXP ya mwaka kesho wanatulia, kumbe mfuko ulifunguliwa miezi mitano iliyopita.

Hapa lazima niseme ukweli ambao watu hawapendi kuusikia. Macho yanakamata feki mbaya na dawa iliyoharibika sana, basi. Kidonge cheupe safi chaweza kuwa na nusu ya dawa, na hakuna mtu duniani atakayeliona hilo bila maabara. Zile video za kutia kidonge kwenye siki au maji ya moto uone kinayeyuka au la, achana nazo, kidonge cha chokaa kinaweza kuyeyuka vizuri kuliko cha kweli. Kukionja pia hakukwambii kitu, na kama feki ina kitu kingine ndani umeshakimeza.

Kipimo kingine ulicho nacho ni mwili wa mgonjwa. Kama dawa imepewa kwa ugonjwa wa bakteria kweli na inamezwa kwa saa zake, ndani ya siku mbili hadi tatu homa au maumivu yanatakiwa yaanze kupungua. Yasipopungua rudi kwa musawo na boksi mkononi. Usihitimishe mwenyewe kwamba ni feki, inaweza kuwa ugonjwa ni wa virusi, au bakteria wamezoea dawa, au ni jipu linalotaka kupasuliwa. Ila boksi likiwepo naye ataweza kuifikiria dawa pia. Mwili ukitoka upele, uso ukivimba au pumzi ikibana, hapo hakuna kusubiri siku, acha dawa na kimbia hospitali sasa hivi.

Hatua ya 4: chumba cha mabati

Nieleze kilichompata jirani yangu, anakaa chumba kimoja cha kupanga, mabati bila dari. Mwezi wa nane alipewa boksi la vidonge 14, kimoja asubuhi kimoja usiku, siku saba. Alipomeza 8 akajisikia poa akaacha, 6 akavikata kwa mkasi, akatupa boksi na ule mfuko wa foili, akavifunga kwenye kavera akaweka juu ya kabati watoto wasifikie. Mwezi wa pili mtoto wake wa miaka minne akaumwa sikio, akaniletea vile 6 aniulize akate nusu au robo.

Tulivifungua pamoja. Kipande chenye EXP kilibaki upande aliokata akatupa, kwa hiyo tarehe hatuna. Viwili vilikuwa na madoa ya manjano, kimoja kimevimba kikaacha rangi kwenye foili, na vitatu vilikuwa vyeupe kabisa kwa macho. Akaniambia basi atumie hivyo vitatu. Nikamkatalia, vimelala mahali pamoja, hewa moja, mwezi mmoja hadi mwingine, vile vitatu ni ndugu wa vile vilivyoharibika na tofauti ni kwamba vyenyewe havijaonyesha bado. Na ata vingekuwa vipya, kidonge cha 625 ni cha mkubwa, dozi ya mtoto inapigwa kwa kilo zake, na ukikata robo huwezi kujua umempa kiasi gani. Mtoto alipelekwa helsenta, akapimwa, akapewa dawa yake.

Baadaye nilienda na thamomita ndogo ya ukutani, saa tisa mchana. Juu ya kabati, karibu na mabati, 38. Chini, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua la jioni, kimo cha goti, 31. Chumba kimoja, saa moja. Kwenye boksi nyingi za dawa hii imeandikwa isizidi 25, zingine 30, kwa hiyo pale chini hapajawa pazuri lakini ni afadhali mbali sana. Siku moja ya joto haiui dawa, kinachoiua ni miezi ya kukaa hapo, na katikati yake masika yenye unyevu.

Basi fanya hivi. Tafuta hiyo thamomita, ikiwezekana azima, iweke mahali unapotaka kuweka dawa, isome saa nane au tisa mchana siku ya jua kali, jaribu sehemu kadhaa za chumba. Chagua penye namba ndogo kuliko zote. Kwa nyumba zetu mara nyingi ni chini, ukuta wa ndani, mbali na dirisha, mbali na sigiri na birika, sio juu ya tivi wala friji maana nyuma ya friji panatoa joto. Usiweke sakafuni moja kwa moja, weka juu ya tofali mbili. Na kwa kuwa ni chini na watoto wapo, tumia kopo la plastiki au la bati lenye mfuniko unaobana, ulifunge kwa kufuli au ulifungie ndani ya sanduku la nguo lenye kufuli. Ndani ya kopo dawa ibaki kwenye stripu yake, ndani ya mfuko wake, ndani ya boksi lake. Usivitoe vidonge ukavitia kichupani.

Kuna mawili watu wanayafanya kwa nia nzuri yanayoharibu. La kwanza ni kuweka vidonge karibu na mtungi wa maji au ndani ya chungu chenye mchanga wa maji, kwa sababu pana baridi. Ile baridi inatoka kwa maji yanayokauka, hewa ya hapo imejaa unyevu, na kwa ko-amoksiklavu unyevu ni adui mkubwa kuliko joto lenyewe. La pili ni friji. Vidonge havihitaji friji, ukivitoa baridi kwenye chumba cha joto vinatoa jasho kama chupa ya soda, na umeme ukikatika na kurudi jasho hilo linakuwa la kila siku.

Ya maji ya watoto ni habari ingine. Poda kavu chupani inakaa kama vidonge, itikise kabla ya kuongeza maji, inatakiwa itiririke, ikiwa imeganda bonge au imekuwa ya kahawia irudishe. Ukishaikoroga na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama, lazima ikae frijini kati ya nyuzi 2 na 8 na imalizwe ndani ya siku 7, inayobaki haitumiki tena. Kama nyumbani hakuna friji mwambie musawo kabla hajaandika. Kuna amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, kila dozi unaiyeyusha wakati wa kuimeza, na kwa magonjwa mengi ya watoto inafaa. Chupa iliyokorogwa ikakaa siku tano kwenye chumba cha nyuzi 33, mtoto anakunywa dawa iliyopungua nguvu.

Hatua ya 5: kutupa, lakini kwanza uliza unatupa nini

Unayoshuku ni feki usiitupe. Huo ni ushahidi. Piga picha boksi pande zote, stripu mbele na nyuma, risiti, weka vyote pamoja mahali pakavu, andika ulinunua wapi na lini. Piga NDA bure 0800 101 999, au nenda ofisi yao ya mkoa, hapa Arua ipo. Wao ndio wenye maabara. Dukani usirudi kugombana kwanza, akijua amegunduliwa mzigo wote utahama usiku huo huo.

Iliyoekspaya au iliyoharibika ndiyo ya kutupa. Njia nzuri ni kuirudisha famasi au helsenta, uliza kwanza kama wanapokea, wengine wanapokea na kuichanganya na zao zinazoenda kuchomwa kwenye tanuru la moto mkali. Wenye duka, nyinyi hamna ruhusa ya kujitupia, mnatenga zilizoekspaya kwenye boksi lenye maandishi, mnaorodhesha, mnaijulisha NDA na kuziharibu chini ya usimamizi wao.

Kama hakuna anayepokea na una vidonge vichache tu, kama vile 6 vya jirani, tulifanya hivi. Tulivitoa kwenye stripu bila kuvisaga, unga wa penisilini unaweza kumletea shida kubwa mtu mwenye aleji. Tukavitia kwenye kikopo, tukachanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe kilicholowa, kiasi kwamba hakuna mtoto wala kuku atakayevitaka, tukafunga kikopo, tukatia kwenye kavera nzito na kuweka kwenye takataka zinazobebwa siku ile ile gari linapopita. Mahali gari halifiki, chimba shimo refu, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga. Tukanawa mikono kwa sabuni.

Usitumbukize chooni. Vyoo vyetu ni vya shimo, maji yake yanashuka ardhini, na bakteria wa humo wanaoonja dawa kidogo kidogo ndio wanaojifunza kuishinda. Usichome kwenye moto wa uwanja, moto ule hauna ukali wa kuimaliza dawa, na plastiki ya stripu inatoa moshi wa sumu. Na kuku! Watu wanawapa kuku antibayotiki zilizoekspaya kama dawa ya mafua, alafu yai linaliwa kesho yake. Hapana.

Mwisho ni boksi tupu, karatasi na chupa. Vichane, futa namba ya bechi kwa wino mzito, chupa itoe lebo na uitoboe. Kuna wanaozunguka kuokota boksi na chupa nzima za dawa za bei ghali, na boksi la kweli lenye bechi ya kweli likijazwa vidonge vya uongo, ukaguzi wote wa hatua ya 2 unapita bila kugundua.